Betri za lithiamu au alkalaini kwa kamera na tochi ya kichwani? Natokea Mwanza, napanda Kilimanjaro

PichaZiwani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mpiga picha, nipo Kirumba. Vijana wa kanisani kwetu wanapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na wameniomba niende nao niwapige picha mpaka kileleni. Kamera yangu kubwa ina betri yake maalumu, hiyo haina neno. Ninachouliza ni vitu vitatu vinavyotumia betri za dukani: kamera ndogo ya akiba (AA mbili), flashi (AA nne) na tochi ya kichwani (AAA tatu).

Kamera ndogo inanisumbua hata hapa hapa mjini. Naweka alkalaini mpya, napiga picha chache zenye flashi, inaandika betri imeisha na kujizima. Nikizitoa na kuzitia kwenye saa ya ukutani, saa inatembea miezi. Sasa kama hapa kwenye joto ni hivi, huko kwenye barafu itakuwaje?

Pale Makoroboi nimeonyeshwa AA zilizoandikwa lithiamu, 1.5V. Bei yake karibu mara nne ya alkalaini nzuri. Muuzaji anasema ni nyepesi, hazijui baridi na zinadumu. Naomba mwenye kuzijua anieleze, ni kweli au ni maneno ya biashara?

Ngosha_Igoma

Dada, usiweke lithiamu kwenye kamera ya AA. Lithiamu ni 3.7V. Mbili zinakupa zaidi ya 7, na kamera inataka 3. Mdogo wangu aliunguza tochi yake kwa mtindo huo huo, tuliona moshi kwa macho yetu. Halafu hizo ni za nchi za theluji. Kaa na alkalaini, ongeza pakiti moja begini, basi.

FundiMakoroboi

Ngosha, tochi ya mdogo wako iliungua kweli, lakini si kwa betri anazoulizia dada. Ile iliyoiunguza ni ya kuchaji, umbo lake sawa na AA, na ubavuni huandikwa 14500. Hiyo ndiyo ya 3.7V na ni hatari kwelikweli kwenye kifaa cha AA. Hizi alizoonyeshwa ni lithiamu na salfaidi ya chuma, hazichajiwi, na zilitengenezwa makusudi zikae mahali pa alkalaini. Soma maandishi madogo kwenye koti la betri. Alkalaini ya AA huandikwa LR6. Hii huandikwa FR6 au FR14505. Ukiona R6 peke yake bila herufi mbele, hiyo ni zinki na kaboni, ile ya redio ya bei rahisi.

Sasa dada, nianze na kamera yako kufa huku saa ikitembea, maana humo ndimo lilimo jibu lote.

Saa ya ukutani inakunywa umeme kidogo sana. Kamera ikichaji flashi yake inavuta ampea nzima au zaidi kwa mkupuo. Alkalaini ya AA ina akiba nzuri, miliampea-saa 2500 hivi, ila hiyo ni ukiitumia polepole. Ndani yake mna ukinzani. Hata ikiwa mpya ni sehemu ya 0.15 hadi 0.3 ya omu, na unazidi kadiri betri inavyotumika. Chukua 0.25. Ukivuta ampea moja, robo volti inapotelea ndani ya betri kabla haijafika kwenye kamera. Betri yenye 1.4 inaonekana kwa kamera kama 1.15, na kamera nyingi za AA mbili hujizima kila betri ikikaribia 1. Ni sawa na tanki lililojaa lenye bomba jembamba: maji yapo, ila ukifungua koki tatu kwa pamoja hakuna kinachotoka. Betri zako hazijaisha. Zimeshindwa kutoa kwa kasi inayotakiwa.

Ukizivuta kwa ampea moja mfululizo, alkalaini nyingi hazitoi hata nusu ya zile 2500. FR6 hutoa karibu 3000 kwa mvuto huo huo, na volti yake inakaa pale pale karibu na 1.4 muda mwingi wa maisha yake. Kwa hiyo kwenye kamera tofauti ni kubwa mno. Kwenye saa au rimoti hutaiona, na hapo mtu asikudanganye ununue.

Uzito: AA ya alkalaini ni gramu 23 hivi, FR6 ni 15. AAA ni 11 na nusu kwa 7 na nusu. Kwa seti yako ya AA sita na AAA tatu, alkalaini ni kama gramu 172 na lithiamu kama 113. Kwa begi zima si kitu. Kwenye paji la uso usiku kucha, hizo gramu 12 za tochi utazisikia.

Dagaa_Igombe

Mimi nina lithiamu ya chuma mwaka wa pili sasa, ya kuchaji kwa sola, tunawashia taa za dagaa usiku. Ni 12V. Haina mpinzani, asubuhi bado ina nguvu. Dada nunua tu, ila uulize kama ina ule ubao wa kuilinda isichajiwe kupita kiasi. Na paneli ya wati 50 inakutosha.

FundiMakoroboi

Ndugu yangu wa Igombe, yako ni fosfati ya chuma, nayo ni betri nzuri kwa kazi yako. Chuma kimo kwenye zote mbili ndiyo maana majina yanafanana, lakini hii ya dada haiguswi na chaja kabisa. Ukiichaji inaweza kupasuka. Wengine msomao hapa mlizingatie hilo.

Dagaa_Igombe

Sawa mzee, nimekupata. Basi nitoe na la kwangu maana linaniuma. Tochi zangu za mkononi za mtumbwini huwa natia alkalaini, mbalamwezi ikiingia tunapumzika na tochi inakaa kwenye boksi. Nikirudi nakuta unga mweupe, springi imeliwa, haiwaki. Nimeshatupa tochi nyingi nzuri. Hizo FR6 nazo zinavuja?

FundiMakoroboi

Ni nadra sana. Alkalaini ndani ni maji yenye potasi kali. Ikiisha, au ikikaa kwenye joto, hutoa gesi, gesi inasukuma kizibo, potasi inatoka na kula springi. FR6 haina maji ndani, imetumia kiyeyushi kingine na kizibo chake kimebanwa zaidi. Lakini wewe usitumie fedha hiyo. Toa betri kwenye tochi msimu wa mbalamwezi, na usichanganye ya zamani na mpya, maana ile dhaifu ndiyo inayovuja kwanza. Hizo tochi usizitupe. Paka siki au ndimu kwa kijiti cha pamba kwenye unga mweupe, utachemka kidogo, kisha futa, kausha, sugua springi kwa msasa laini. Ule unga usiushike kwa vidole, na usikaribie macho.

Mwl_Sengerema

Mzee amesema vizuri, nami niongeze kitu kimoja kinachoeleza kwa nini kamera hufa ghafla badala ya kuchoka taratibu.

Kamera haivuti ampea zile zile muda wote. Inachotaka ni wati zile zile. Tuseme kila betri inadaiwa wati 1.5 wakati flashi inachaji. Betri ikiwa na volti 1.5, mkondo ni ampea 1. Volti ikishuka hadi 1.1, ili wati zitimie mkondo unapanda hadi karibu 1.4. Mkondo ukipanda, volti nyingi zaidi inapotelea kwenye ukinzani wa ndani, volti inashuka tena, na kamera inavuta zaidi. Ikishaingia kwenye mteremko huo haichukui muda. FR6 inaponea kwa sababu haikaribii mteremko huo mpaka iwe imeisha kweli.

Tochi rahisi isiyo na kidhibiti haiko hivyo. Hiyo volti ikishuka inafifia tu, na mkondo nao unapungua. Ndiyo maana alkalaini kwenye tochi huonekana ina uhai mrefu: inazidi kuwaka, ila mwanga wa saa ya tano si wa saa ya kwanza.

Mgumu_Mstaafu

Habari wakuu. Mimi nimekuwa mgumu, yaani mbeba mizigo, Kilimanjaro miaka mingi kabla sijahamia Nyegezi, kwa hiyo naomba niseme la baridi.

Dada, chini usiwaze. Siku za mwanzo ni msitu na mvua, alkalaini inafanya kazi kama ya Mwanza. Kazi ni usiku wa kilele. Mnaondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, mita 4,673, na mnatembea gizani mpaka alfajiri, kilele ni 5,895. Nyuzi zinaweza kwenda kumi chini ya sifuri, na zaidi upepo ukiwa mbaya. Tochi ya kichwani iko nje muda wote huo. Nimeona wageni wenye alkalaini mpya kabisa tochi zao zinabaki kama kaa la sigara kabla hawajafika Stella, ukingoni kule juu karibu na kilele, wakidhani wameuziwa mbovu. Jua likitoka na betri zikipata joto, tochi ile ile inawaka.

Hiyo ndiyo dalili ya kuijua. Betri iliyoisha hairudi. Iliyoganda inarudi ukiitia kwapani robo saa. Kwa hiyo tochi yako tia lithiamu, seti ya pili iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, siyo begini. Na kabla hamjaondoka Barafu jizoeze kubadili betri gizani ukiwa na glavu, maana vidole vikiganda hujui hata upande wa chanya.

Jambo jingine. Alkalaini inaaga kwanza, inafifia taratibu. Lithiamu inawaka vilevile halafu giza. Tena kipimo cha betri kwenye kamera kinakuonyesha imejaa mpaka karibu na mwisho. Usikiamini.

Ngosha_Igoma

Nimeelewa la 14500, ahsante mzee. Lakini la bei sikubali. Kwa bei ya FR6 nne napata alkalaini kumi na sita. Nikizipasha moto mfukoni kwa zamu, usiku mmoja zinanitosha na chenji inabaki.

Mwl_Sengerema

Kwa tochi hoja yako ina uzito. Kwa kamera, hesabu picha, siyo betri. Kama seti ya alkalaini inakupa picha 30 zenye flashi na seti ya FR6 inakupa zaidi ya 150, bei ya kila picha tayari iko upande wa FR6. Namba hizo nimetolea mfano tu, kila kamera ina ulaji wake, ila kwa mvuto mkubwa kupishana mara tano si jambo la ajabu. Alkalaini 16 nazo ni gramu 368. Kuna mtu atazibeba.

Mgumu_Mstaafu

Na aliyebeba huwa ni mgumu, si mwenye picha.

FundiMakoroboi

Dada, kabla hujatoa hela, hakikisha unachouziwa. Zipo zenye koti la lithiamu na ndani ni zinki na kaboni. Omba vipimo viwili, na viwe vyote viwili. Mizani peke yake haitoshi, kwa sababu zinki na kaboni nayo ni nyepesi, huwa gramu 15 hadi 19. Volti peke yake nayo haitoshi ukiwa na multimita ya kubahatisha. Pamoja vinatosha. FR6 mpya isiyofungwa kwenye kitu husoma 1.75 hadi 1.83. Alkalaini mpya husoma 1.58 hadi 1.62 hivi, na zinki na kaboni ni hapo hapo au pungufu kidogo. Ikisoma 1.50 kamili bila kutikisika na ina kitundu cha waya, hiyo ni ya kuchaji yenye kisakiti ndani, ni kitu kingine.

Mizani ya mama ntilie haifai, haioni tofauti ya gramu mbili tatu. Nenda kwa sonara.

PichaZiwani

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Nimefanya kama mlivyosema.

Nilinunua pakiti moja moja kwenye maduka mawili tofauti, nikapita kwa sonara. Alishangaa kidogo, akazoea. Za duka la kwanza: gramu 15.1, 15.0, 15.1, 14.9. Multimita ikasoma 1.79 zote nne. Ubavuni zimeandikwa FR6 na mwaka wa mwisho wa kutumika, ambao bado uko mbali sana.

Za duka la pili koti linafanana, neno lithiamu limeandikwa kubwa kuliko la kwanza, lakini FR6 haipo. Mizani ilitoa 18.2, 17.6, 18.4 na 17.9. Hata zenyewe kwa zenyewe hazilingani. Volti 1.61. Nimezirudisha, na muuzaji kanirudishia hela bila ubishi mrefu nilipomwonyesha namba.

Nimeweka mbili za duka la kwanza kwenye kamera ndogo, nikashinda nazo kwenye harusi Ilemela. Flashi inajaa upesi, na hadi maharusi wanaondoka ukumbini ilikuwa inapiga. Sijawahi kuiona hivyo tangu niinunue.

Mwl_Sengerema

Safi sana. Mimi nami nilitaka kuona hilo la baridi kwa macho. Jirani ana friza la sangara, kipimajoto changu cha maabara kimesoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Nikaweka alkalaini mpya na FR6 mpya ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zikalala humo. Asubuhi kila moja nikaifunga kwenye rezista ya omu 1.5, ya wati 5, multimita sambamba.

Alkalaini ya joto la kawaida ilianza juu ya 1.3 na kushuka polepole. Ile ya friza ilianza chini zaidi na ikapita 1 kwenda chini baada ya dakika chache tu. FR6 ya friza mwanzoni ilinitia wasiwasi kwa sababu nayo ilishuka mara tu nilipoifunga, halafu ikapanda yenyewe. Mkondo unaipasha joto kutoka ndani, na ikishapata joto inakaa. Ile alkalaini nikaiacha juani, nikaipima tena, ikarudi karibu na ya kawaida. Mgumu ana haki.

Atakayejaribu, asifungue mfuko mpaka betri zipate joto la chumbani kama anataka kuzihifadhi. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, betri inatokwa jasho mara moja. Na rezista inachoma, usiishike.

PichaZiwani

Nimebakiwa na mawili. Tochi yangu ya kichwani, kitabu chake kinasema "alkalaini au za kuchaji", lithiamu haikutajwa. Na flashi, je? Yenyewe inatumia nne.

FundiMakoroboi

Tochi: FR03, yaani AAA za lithiamu, tatu mpya zinaweza kukupa volti 5.4 kabla hazijabeba mzigo, wakati alkalaini zinakupa 4.8. Tochi yenye kidhibiti haijali. Tochi ya bei nafuu yenye rezista tu itawaka kali kuliko kawaida na kupata joto, na taa yake inaweza kufa mapema. Iwashe mwanga wa juu kabisa ukiwa nyumbani, iache dakika kumi, gusa kichwa chake. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe kidole, usiitumie hivyo. Ikiwa vuguvugu, washa mwanga wa kati usiku wa kilele na utakuwa salama.

Flashi, mimi nisingetia. FR6 ina ulinzi ndani ambao betri ikipata moto unabana mkondo mpaka ipoe. Ukipiga flashi kwa nguvu zote mfululizo, betri nne zimebanana mle ndani, zinapashana moto, ghafla flashi inakataa. Inarudi ikipoa, lakini tukio limepita. Na vitabu vya baadhi ya flashi vinakataza lithiamu kwa sababu hiyo ya joto. Kwa flashi tafuta AA za kuchaji za nikeli, zile za HR6. Volti yake ni 1.2, lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo na inajaza flashi haraka.

Mgumu_Mstaafu

Mzee, kwa mjini nakubali. Mlimani hapigi flashi mfululizo. Anapiga moja, anapumua, anapiga nyingine. Na baridi yenyewe inazipoza. Nimewaona wapiga picha wakitumia lithiamu kwenye flashi pale kwenye kibao cha Uhuru na hazikukataa. Nikeli atachajia wapi siku ya tano?

FundiMakoroboi

Atachaji Mwanza, aende nazo zimejaa. Zile za kisasa hazipotezi chaji kwa wiki moja.

PichaZiwani

Kitabu cha flashi nimekikuta, kimeandika alkalaini na nikeli tu. Basi flashi nakwenda na HR6 nilizonazo, nizifunge kwenye soksi karibu na mwili usiku. Kamera ndogo FR6 mbili na mbili za akiba. Tochi nimeiacha dakika kumi kama mzee alivyosema, kichwa kina joto lakini nakishika bila shida, kwa hiyo FR03 tatu, na tatu mfuko wa ndani. Nikirudi nitaweka picha hapa, na nitasema nikeli zimefanyaje huko juu, maana hilo naona bado hamjakubaliana.

Ngosha_Igoma

Safari njema dada. Zile alkalaini zilizokataa kwenye kamera usizitupe, nipe mimi, redio yangu ya shambani itazimaliza.